Klipu ya Wima na Video Ndefu Ilikokatwa: Namna ya Kuzilinganisha Bila Kudanganywa na Hesabu

Mwenye chaneli ndogo ya mafunzo anafungua YouTube Studio asubuhi na kukuta klipu yake ya wima ya sekunde 45 imetazamwa mara 20,000 ndani ya mwezi mmoja, ilhali video ya dakika 34 ambamo klipu hiyo ilikatwa imetazamwa mara 1,500 tu. Wazo la kwanza linalomjia ni kuacha kabisa kutengeneza video ndefu na kubaki na klipu. Nimewasikia wengi wakilisema wazo hilo, na wengine wakalitekeleza kabla ya kuuliza iwapo namba hizo mbili zinahesabu kitu kimoja.

Makala haya yanalinganisha klipu na video ndefu zilizo ndani ya chaneli moja ya YouTube, kwa sababu hapo ndipo vipimo vyote viwili vinapatikana mahali pamoja. Mfano nitakaoutumia ni wa video ya kilimo cha vitunguu iliyorekodiwa Ruaha Mbuyuni, ikianzia kitaluni na kuishia ghalani. Klipu yake inaanzia dakika ya 21, pale mkulima anapochukua kitunguu kilichoanikwa na kubana shingo yake kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Shingo ikiwa laini na ikiteleza, ndani bado kuna maji na kitunguu hicho kitaozea ghalani. Ikiwa imesinyaa na kukwaruza kama karatasi, kinaweza kuhifadhiwa. Namba za mfano huu nimezipanga ili ziwe rahisi kuhesabu, nazo si takwimu za chaneli fulani.

Vipimo nitakavyotumia kwa pande zote mbili ni vinne: namna mtazamaji anavyofika na namna anavyohesabiwa, muda anaoutoa, kama anavuka kutoka video moja kwenda nyingine, na mwisho ni malipo, uhai wa video na kazi inayodaiwa.

Mtazamaji anafikaje, na anahesabiwaje

Klipu haichaguliwi. Mtu anapitisha kidole kwenye skrini, klipu inajicheza yenyewe mbele yake, kisha yeye anaamua kubaki au kuipita. Tangu tarehe 31 Machi 2025, YouTube huhesabu klipu hizi za wima, inazoziita Shorts, kuwa zimetazamwa kila zinapoanza kucheza au kurudia, bila kudai muda wowote wa chini. Hesabu ya zamani, iliyodai mtu awe amekaa kidogo, haikufutwa. Imebaki kwenye Studio kwa jina la `Engaged views`, na ndiyo inayotumika katika kustahili kulipwa na katika malipo yenyewe. Katika mfano wetu, tuseme kati ya zile mara 20,000, zilizobaki chini ya `Engaged views` ni 11,000. Hiyo ndiyo namba ya klipu inayofaa kuanzia mazungumzo. Vilevile, anayelinganisha klipu ya mwaka 2024 na ya leo kwa hesabu ya kawaida analinganisha mizani mbili tofauti, na anaweza kuona ukuaji ambao haukutokea.

Video ndefu hufikiwa kwa njia nyingine. Mtu ameona kichwa cha habari na picha ya jalada, akaamua kubofya. Kwa hiyo kipimo cha mlangoni kwa video ndefu ni asilimia ya walioonyeshwa jalada wakabofya, inayoonekana kwa jina la `Impressions click-through rate`. YouTube yenyewe hueleza kwamba nusu ya chaneli na video zote huwa kati ya asilimia 2 na 10, hivyo asilimia 4 si aibu. Kwa klipu, kipimo cha mlangoni ni kile kinachoonyesha sehemu ya watu waliobaki badala ya kuipita. Asilimia hizi mbili hazipaswi kuwekwa mstari mmoja. Ya kwanza inapima uzito wa ahadi iliyoandikwa kwenye jalada. Ya pili inapima sekunde mbili au tatu za mwanzo wa picha.

Upande huu klipu ina nguvu ambayo video ndefu haina: inawafikia watu ambao hawakuwa wakitafuta chochote kuhusu vitunguu. Mkulima wa mahindi anayefikiria kubadili zao hawezi kuandika swali la kukausha vitunguu kwenye kisanduku cha kutafuta, kwa sababu hajui kwamba swali hilo lipo. Klipu inamletea. Video ndefu nayo ina mtazamaji mwenye haja: ana miche shambani au magunia uani, na amekuja kwa jambo mahususi.

Muda unaotolewa

Hapa ndipo penye kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote. Klipu ya sekunde 45 inayotazamwa kwa wastani wa sekunde 29 imefikia asilimia 64. Video ya dakika 34 inayotazamwa kwa wastani wa dakika 8 imefikia takribani asilimia 24. Mtu anazisoma asilimia hizo na kuhitimisha kwamba klipu inashika watu zaidi ya mara mbili. Lakini asilimia 64 ya klipu ni sekunde 29, na asilimia 24 ya video ndefu ni sekunde 480. Asilimia inafaa kulinganisha klipu na klipu zenzake za urefu unaokaribiana, au video ndefu na ndefu zenzake. Tena klipu fupi inaweza kuvuka asilimia 100 kwa sababu inajirudia yenyewe kabla mtu hajapitisha kidole, jambo ambalo halimaanishi kwamba ameelewa zaidi.

Kipimo kinachoweza kusimama kati ya pande hizi mbili ni jumla ya saa zilizotazamwa, `Watch time (hours)`. Mara 11,000 kwa sekunde 29 ni kama saa 89. Mara 1,500 kwa dakika 8 ni dakika 12,000, yaani saa 200. Video iliyoonekana kushindwa mara kumi na tatu kwa hesabu ya kutazamwa imepata zaidi ya mara mbili ya muda wa watu. Sisemi kwamba hali huwa hivi daima. Klipu iliyosambaa sana hupita kwa mbali, na ziko video ndefu ambazo watu huziacha dakika ya kwanza. Ninachosema ni kwamba jibu halijulikani mpaka mgawanyo huu ufanyike, na kuufanya hakuzidi dakika tano.

Mchoro wa kubaki kwa watazamaji nao unasomwa tofauti kwa kila upande. Kwa video ndefu, tazama kwanza ni wangapi wamebaki kwenye sekunde ya 30, kisha tafuta vilima, yaani sehemu ambapo mstari unapanda kwa sababu watu wamerudi nyuma kuangalia tena au wameruka mbele kufikia jambo fulani. Katika video ya vitunguu, kilima cha dakika ya 21 ndicho kilichotuonyesha mahali pa kukata. Kwa klipu, tazama pale mstari unapoanguka. Ukianguka sekunde ya 2, picha ya kwanza haikusema kitu. Ukianguka sekunde ya 30 hivi, mara nyingi jibu limeshatolewa na kilichobaki ni salamu au ombi la kujiandikisha.

Kuna sababu moja ya kuanguka isiyohusu maudhui hata kidogo. Video ya mlalo yenye pikseli 1920 kwa 1080 ikikatwa kuwa ya wima hubaki na upana wa pikseli 608 tu hivi, yaani chini ya theluthi moja ya picha ya awali. Mhariri akiacha fremu katikati, mkono wa mkulima unaobana shingo ya kitunguu unaweza kuwa umeachwa nje, na mtazamaji akabaki kuuangalia ukuta na nusu ya bega huku sauti ikisema "ona hapa". Nimewahi kuitoa klipu ya namna hiyo na kuilaumu mada kwa wiki nzima, mpaka nilipoitazama kwenye simu bila sauti. Ukijua tangu mwanzo kwamba utakata klipu, rekodi kwa pikseli 3840 kwa 2160 ikiwa kamera inaruhusu, maana hapo kipande cha wima kinabaki na upana wa 1215, ambao unatosha, na fremu inaweza kusogezwa kuufuata mkono.

Je, mtazamaji anavuka?

Wengi hukata klipu wakitumaini kwamba itawapeleka watu kwenye video ndefu. Tumaini hilo linaweza kupimwa, na linastahili kupimwa kwa uvumilivu, kwa sababu ndilo linalohalalisha kazi yote ya kukata.

Tangu mwaka 2023 viungo vilivyoandikwa kwenye maelezo na maoni ya Shorts havibofyeki. Njia iliyobaki ni kuiambatanisha video ndefu kwa sehemu ya `Related video` wakati wa kuhariri klipu kwenye Studio. Jina la video ndefu huonekana kwenye klipu, na mtu hulibofya. Klipu isiyoambatanishwa hivyo inategemea mtu aende mwenyewe kuitafuta chaneli, na ni wachache wanaofanya hivyo.

Tuseme kati ya mara 11,000, watu 60 walibofya. Ni watu watano au sita kwa kila elfu. Usikate tamaa wala usifurahi kabla ya kuuliza swali la pili: walikaa muda gani? Fungua takwimu za video ndefu, ingia sehemu ya vyanzo vya watazamaji, na ulinganishe wastani wa muda kwa kila chanzo. Katika mfano wetu, waliotoka kwenye utafutaji walikuwa 700 na walikaa dakika 11 kila mmoja, jumla takribani saa 128. Wale 60 wa klipu walikaa dakika 3, jumla saa 3. Klipu yenye mara 20,000 imeichangia video ndefu saa 3 kati ya 200.

Kwa nini waliondoka mapema? Sababu ya kwanza ni kwamba klipu iliwapa jibu lote. Mtu alitaka kujua kitunguu kikavu kinavyojulikana, ameshajua. Sababu ya pili ni kwamba aliyebofya hufikishwa mwanzoni mwa video, ambako mkulima anazungumzia mbegu na matuta ya kitalu, dakika 20 kabla ya kile kilichomvutia. Anadhani amepotea njia, anarudi.

Sababu ya pili inatibika kwa kuweka sura kwenye maelezo ya video ndefu. Zinatakiwa ziwe tatu au zaidi, ya kwanza ianzie 0:00, na kila moja isipungue sekunde 10:

```
0:00 Mbegu na kitalu
6:40 Kuhamisha miche
13:05 Maji na mbolea
21:10 Kitunguu kikavu
27:30 Ghala na soko
```

Mtu akiona orodha hiyo anaruka hadi anapotaka, na mchoro wa kubaki utaonyesha kilima kwenye 21:10 au 27:30. Kilima hicho ni ushahidi bora kuliko idadi ya waliobofya.

Sababu ya kwanza inahitaji uamuzi wa mhariri. Wapo wanaokata klipu kabla ya jibu ili mtu alazimike kuifuata video ndefu. Mimi siikubali njia hiyo. Mtazamaji aliyepitisha kidole hana deni na wewe. Akikosa jibu anapita, klipu inaachwa njiani na wengi, na mfumo unaacha kuionyesha. Njia inayofanya kazi zaidi kwa mafunzo ni kulitoa jibu lote la swali dogo, kisha kumalizia kwa swali jirani ambalo jibu lake liko kwenye video ndefu. Badala ya kuishia "tazama video nzima", mkulima anasikika akisema kwamba hata kitunguu kikavu huoza kikilundikwa vibaya ghalani, na jina la video iliyoambatanishwa linataja ghala. Tuseme toleo hilo linabofywa na watu 25 tu, lakini wanakaa dakika 9 kila mmoja. Hizo ni dakika 225, dhidi ya dakika 180 za wale 60. Waliobofya wamepungua zaidi ya nusu, na muda waliouleta umeongezeka.

Uvukaji wa upande wa pili hausemwi sana. Video ndefu nayo hupeleka watu kwenye klipu, hasa mtu aliyeitazama zamani anayetaka kukumbuka hatua moja akiwa shambani na bando limebaki kidogo. Huyo hatafungua dakika 34 upya. Akiikuta klipu kwenye chaneli ataitazama, na pengine atamtumia jirani yake. Kutumwa huko huonekana kwenye hesabu ya `Shares`, na kwa klipu za mafunzo ninaipa uzito kuliko kupendwa.

Malipo, uhai na kazi

Ili kuanza kupata mgawo wa matangazo, chaneli inatakiwa kuwa na watu 1,000 waliojiandikisha pamoja na mojawapo ya mambo mawili: saa 4,000 halali za kutazamwa hadharani ndani ya miezi 12, au Shorts zilizotazamwa kihalali mara milioni 10 ndani ya siku 90. Saa zinazotokana na mkondo wa Shorts hazihesabiwi kwenye zile 4,000. Kwa hiyo saa 89 za klipu yetu hazisogezi chochote upande huo, ilhali saa 200 za video ndefu zimeshafikisha asilimia 5 ya safari. Upande wa pili, mara 11,000 kati ya milioni 10 ni kama tone kisimani. Mwenye chaneli ndogo inayofundisha jambo mahususi aitazame hesabu hii kabla ya kuchagua njia.

Baada ya kustahili, mgawo wa mtengenezaji ni asilimia 55 ya mapato ya matangazo kwenye video ndefu. Kwa Shorts, mapato ya matangazo yaliyo kati ya klipu na klipu hukusanywa pamoja, sehemu ya muziki hutengwa pale unapotumika, kisha mtengenezaji hupata asilimia 45 ya kile alichogawiwa kulingana na kutazamwa kwake. Video inayofika dakika 8 inaweza pia kuwekewa matangazo katikati. Kwa ufupi, klipu inahitaji wingi mkubwa sana ndipo malipo yake yahisike, na video ndefu inaweza kuleta kitu hata kwa watazamaji wachache wanaokaa.

Uhai wa video hizi hutofautiana mno, na hapo ndipo tarehe ya kupima inapoweza kumdhulumu mmoja wao. Klipu nyingi hupanda ndani ya siku chache na kutulia. Video ya mafunzo inayopatikana kwa utafutaji huenda polepole, kisha hupanda msimu wa zao unaporudi, kwa kuwa swali lilelile linaandikwa upya na watu wengine. Ukipima siku ya 7 klipu itaonekana mshindi. Ukipima siku ya 90 au mwaka mzima picha inaweza kugeuka. Zipime zote mbili zikiwa na umri uleule, na uandike namba za siku ya 7, ya 28 na ya 90 kwenye daftari moja.

Kuhusu kazi, klipu si ya bure kama inavyodhaniwa. Kuchagua mahali, kusogeza fremu, kuweka manukuu yanayosomeka kwenye simu na kusikiliza mwanzo na mwisho kunaweza kula saa nzima au zaidi kwa sekunde 45. Lakini kurekodi upya video ndefu kunahitaji nauli, siku ya mkulima na siku zako mwenyewe za uhariri.

Nani anafaa kuegemea wapi

Ikiwa chaneli yako ni changa na unazitafuta saa 4,000, weka nguvu kwenye video ndefu, na kutoka katika kila moja ukate klipu moja au mbili pale tu penye kilima. Klipu ishirini kutoka video moja zitaongeza hesabu ya kutazamwa na kukuacha palepale.

Ikiwa jambo lako linaonekana kwa mkono na kumalizika ndani ya dakika moja, kama kupima ukavu wa kitunguu, kufunga kamba au kunoa kisu, klipu inaweza kuwa ndiyo kazi yenyewe. Tangu Oktoba 2024 Shorts zinaruhusiwa kufika dakika 3, hivyo jambo linalohitaji sekunde 100 lisiminywe liwe 59. Usiipime klipu ya namna hii kwa waliovuka. Ipime kwa waliobaki na waliowatumia wengine.

Ikiwa lengo ni kuuza mbegu, dawa au huduma, hesabu ujumbe na simu zinazotaja kila video. Mara nyingi mteja huanza kukufahamu kwenye klipu na huamua kukuamini kwenye video ndefu, kwa hiyo muulize kila anayepiga alikuona wapi kwanza na alitazama nini baadaye.

Ikiwa klipu zako zinafanya vizuri lakini video ndefu zimelala, usianze kwa kuongeza klipu. Angalia kwanza kama zimeambatanishwa, kama video ndefu ina sura, na kama kichwa chake kinataja jambo lilelile ambalo klipu imeliamsha. Badilisha kimoja kati ya hivyo vitatu, subiri siku 28, kisha urudi kwenye vyanzo vya watazamaji na usome dakika walizokaa.